Mama, rimoti zako mbili

Shikamoo Mama,

Rimoti niliyoizungushia utepe mwekundu ni ya king'amuzi. Chaneli unabadilisha kwa hiyo tu: bonyeza CH+ au CH-, au andika namba ya chaneli, kisha OK.

Kioo kikiandika "No Signal", usimwite fundi bure. Ni wajukuu zako walikuwa wanaangalia katuni kwenye flashi. Shika ile rimoti nyingine, ya runinga, bonyeza SOURCE. Itatokea orodha. Shuka kwa mshale mpaka HDMI 1, bonyeza OK, subiri picha irudi. Polepole, maana ukibonyeza harakaharaka utaipita. Picha ikigoma, angalia kama taa ya king'amuzi inawaka. Juma hupenda kuchomoa waya achaji simu.

Mwanao,
Rehema