Mapigo ya Mchi na Hesabu ya Mizani: Wimbo, Utenzi na Shairi

Mradi wa Fasihi na Lugha, Kidato cha Sita

Vitabu vingi vya kiada huanza kulinganisha ushairi simulizi na andishi kwa kusema kwamba mmoja hupokewa kwa mdomo na mwingine kwa maandishi. Ni kweli, lakini haisaidii sana. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840 na ambaye hutajwa na kila anayeieleza tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, kwa sehemu kubwa yalibaki vinywani mwa watu kabla ya kukusanywa na kuandikwa. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Ukipima kwa karatasi peke yake, hujui umweke upande gani. Mradi huu unauliza swali jingine: ni kitu gani kinachobeba mapigo ya utungo? Jibu likipatikana, vina na dhamira navyo hueleweka kwa urahisi zaidi.

Wimbo wa kutwanga

Tulirekodi wimbo huu kwa mama mmoja anayekaribia miaka sabini. Tulipomwomba akae kitako atutajie maneno, yalimkimbia. Aliposhika mchi yakaja yenyewe.

Twanga mama twanga, (hoye!)
Mchi u mkononi, (hoye!)
Mpunga hauna huruma, (hoye!)
Watoto hawajala, (hoye!)

Hesabu silabi za kiongozi bila kiitikio: 6, 7, 9, 7. Kwa macho ya mwalimu wa arudhi, huu ni utungo uliovunjika. Kwa sikio hauna kasoro hata kidogo, maana mchi hutua kinuni kwenye "hoye" kila mara. Mstari ukiwa mfupi, mwimbaji anavuta sauti ("twaanga"). Ukiwa mrefu, "hauna" inamezwa haraka. Silabi zinanyooshwa na kubanwa zitoshe katikati ya pigo na pigo. Muda ndio unaopimwa hapa, silabi zinaufuata.

Kwa sababu pigo tayari limeshikwa na mikono, kina hakina kazi kubwa. Mistari inaishia kwa -nga, -ni, -ma, -la, na hakuna msikilizaji anayelalamika. Kinachouunganisha wimbo ni kiitikio na takriri. Hali hiyo tuliikuta pia katika nyimbo za kazi nyingine, wawe za wakulima na kimai za watu wa baharini: pigo linaletwa na jembe au kasia. Katika bembelezi linaletwa na mwili wa mlezi anayemtikisa mtoto.

Maneno yaleyale ndani ya tarbia

Ili kuona kinachobadilika, tulichukua mada hiyohiyo tukaitungia ubeti wa mizani 16 kwa kila mshororo, 8 katika ukwapi na 8 katika utao:

Kinu kimeshika kasi, mchi wapanda washuka,
Mama hana wasiwasi, jua halijachomoka,
Pumba atenga upesi, mchele ukang'arika,
Wana hawalii basi, njaa imeshaondoka.

Mchi umetoka mikononi, kwa hiyo pigo limehamia kwenye lugha yenyewe. Kina cha kati (-si) kinamwambia msikilizaji kuwa nusu ya mshororo imekwisha. Kina cha mwisho (-ka) kinafunga. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini wanamapokeo huvitetea vina kwa ukali namna ile: bila ala wala kazi ya mikono, vina ndivyo ngoma ya shairi.

Lakini ngoma hiyo ina gharama. Katika mazungumzo tungesema mchele "uling'aa". Tumeandika "ukang'arika" kwa kuwa kina kilidai -ka. "Pumba atenga" imepindua mpangilio wa kawaida wa sentensi, kile ambacho washairi hukiita kuboronga sarufi. "Wana" imeingia badala ya "watoto" kwa sababu nafasi ilitosha silabi mbili tu. Hizi ni ruhusa halali za mshairi, na Amri Abedi alizipanga sheria za utungaji kitabuni tangu 1954, ila mwimbaji wetu hakuhitaji hata moja.

Badiliko lililotushangaza zaidi ni la dhamira. Katika wimbo, mama anaambiwa: twanga, watoto hawajala. Ni amri, ni hima, na waliopo wote wamo ndani yake. Katika shairi, mama anatazamwa kutoka pembeni, na kisa kina mwisho: njaa imeondoka. Hatukupanga iwe hivyo. Ubeti wenye kituo ulitusukuma tufikie hitimisho, wakati wimbo wa kazi hauwezi kuhitimisha mpaka mpunga uishe.

Utenzi, katikati ya mdomo na wino

Utenzi una vipande 4 katika ubeti, kwa kawaida mizani 8 kila kimoja. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Umbo hili linafaa masimulizi marefu. Msomaji anayeghani mbele ya watu ana vipande vifupi vya kupumulia, na kina cha bahari kinawarudisha wasikilizaji njiani kila wanapokaribia kupotea. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, kazi ya Mwengo wa Athumani wa Pate, unasimulia vita kwa njia hiyo. Al-Inkishafi hutumia vipande virefu zaidi, na mwendo wake unakuwa mzito, unaoendana na tafakuri yake juu ya majumba ya Pate yaliyogeuka magofu.

Mfano tulioupenda zaidi ni wa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Mwanzoni anamwita binti aketi karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Kusema na kuandika vimo katika tendo moja. Dhamira yenyewe, mama kumfunda binti, ni ileile ya nyimbo za unyago, ila unyagoni maneno huimbwa na kundi na mengine hufichwa kwa mafumbo, na hapa mzazi mmoja anazungumza waziwazi na mwanawe.

Mashairi huru

Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ubishi kati ya wanamapokeo na wanausasa ulipamba moto. Hoja ya wanamapokeo ilikuwa kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Tukiupima wimbo wetu wa kutwanga kwa kigezo hicho, nao unaanguka, ingawa nyimbo za aina yake haziwezi kuitwa ugeni kutoka Ulaya. Kwa upande wa umbo, shairi huru liko karibu na wimbo kuliko tarbia ilivyo: mistari isiyolingana, takriri, pigo linalofuata maana. Kilichokosekana ni mchi. Msomaji yuko peke yake na ukurasa, hana wa kumwitikia, na tunadhani hiyo ni sababu mojawapo ya mashairi hayo kuelekea mara nyingi kwenye upweke, mashaka na maswali ya nafsi.

Kwa hiyo katika jedwali la mradi hatukuwa na safu mbili za "simulizi" na "andishi". Tuliweka safu ya mapigo yanayobebwa na mwili au ala, ya yanayobebwa na mizani na vina, na ya yanayobebwa na maana ya sentensi. Muyaka alikaa safu ya pili bila ubishi. Taarabu ilitusumbua, maana ina vina na mizani kama tarbia na bado ina udi na fidla, tukaiandika katika safu mbili za mwanzo.