Pindo la Leso

Lali alikuwa na namna yake ya kulaza simu: kifudifudi juu ya mkeka, kisha kofia yake ya vito juu yake. Simu ikitetemeka, kofia nayo hutikisika kama imefunika kifaranga, na Lali hukohoa. Mkewe, Mwanaisha, alishazoea. Alidhani ni kifua cha kusi.

Yote yalianzia kwenye injini. Aliikopea chama laki moja na ishirini, apeleke abiria Mokowe na siku nyingine Pate, na miezi ya mwanzo alilipa bila shida. Halafu asubuhi moja akalazimisha kupita Mkanda maji yamekupwa, na nahodha yeyote wa Lamu atakwambia Mkanda hapitwi ila maji yakijaa. Rafadha ikagonga mwamba, gia ikafa. Za kutengeneza akakopa kwenye simu. Za kulipa simu akakopa kwa shemeji yake, Fuadi. Mafuta akawa anachukua kwa daftari pale gatini, na kila jioni akirudi nyumbani anaweka mezani samaki aliyemnunua kwa pesa za mafuta, ili ionekane bahari imetoa.

Usiku alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya shuka. Hakupata jumla ile ile mara mbili.

Siku ile ya Jumatano, wazee wa upande wa mume walitarajiwa baada ya Isha kuja kutaja siku ya harusi ya Rukia. Nyumba ilinuka iliki. Rukia alikuwa uani anakuna nazi, mdogo wake Shee anaiba machicha. Bi Zaituni, mama yake Lali, alikuwa ameketi dakani, akamwita mwanawe kwa sauti ya chini.

"Lali, ndoo ukae."

Akakaa. Bibi akavuta pindo la leso yake, akaanza kulifungua fundo. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, fundo lilikuwa la siku nyingi, na Lali alitazama tu bila kumsaidia, kwa kuwa alishajua kilichomo. Noti zilikuwa zimekunjwa ndogo kama sambusa, zinanuka udi na karafuu.

"Elfu kumi na mbili. Za sanda yangu," Bibi akasema. "Mnunulieni mtoto japo herini. Mimi nikifa mtanizika tu, hamtaniacha ndani."

Kofia ikatetemeka pale mkekani. Safari hii Lali hakukohoa.

"Mama, usinipe. Zitaliwa."

"Na nani?"

Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mahamri. Lali aliwahi kupanga maneno mengi, hata akayafanyia mazoezi peke yake chomboni, kuna yenye 'inshallah' na kuna yenye 'wakati mgumu'. Hakuna lililokuja.

"Nadaiwa," akasema. "Chama tisini elfu. Mafuta thelathini na moja. Simu ishirini na tatu na nusu." Akanyamaza. "Na Fuadi arubaini."

Sinia ikatua chini, si kwa hasira, ila ilitua. Mwanaisha hakuuliza habari za chama wala za simu.

"Fuadi? Fuadi ndugu yangu?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Ndiyo maana hakuja Idi! Mimi nimemsema kwa watu, Baba Rukia. Nimesema amepata duka amejiona. Nimemsema kwa mama yangu mzazi!" Akajifuta uso kwa mtandio. "Pesa zitalipwa. Haya ya Fuadi nitayalipa na nini?"

Lali hakuwa na jibu, na heri hakulitafuta. Mwanaisha akainua kofia, akachukua simu, akazima ule mtetemo, akatafuta jina la kaka yake. Akatoka nayo hadi uani. Walisikia akisema, "Njoo leo. Wageni wapo, na wewe ndiye mjomba," kisha kimya kirefu, kisha kilio kidogo kilichozibwa na mkono.

Bi Zaituni alikuwa ameshaanza kulifunga tena fundo lake. "Basi harusi itakuwa ya kahawa na halua," akasema. "Mimi nilitolewa kwa halua. Waambie wenyewe wakija, usimtume mtu."

Rukia akaingia, mikono ina tui. Alikuwa amesikia yote. Nyumba za Mkomani kuta zake nene, lakini uani hakuna siri. Hakumtazama baba yake. Alichukua daftari la shule la Shee, akageuza ukurasa wa nyuma, akaketi karibu na taa.

"Nitajie moja moja, baba."

Akataja. Akaandika, akajumlisha mara mbili: laki moja themanini na nne elfu na mia tano. Ilikuwa mara ya kwanza Lali kuiona imeandikwa.

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

Shee akameza machicha. "Na mimi," akasema. "Mia tatu zangu za Idi. Ulisema utanipa ukirudi Mokowe."

Rukia akatazama baba yake kwa mara ya kwanza jioni ile. Lali akatikisa kichwa kukubali, na kalamu ikashuka mstari wa chini.