Kutoka Kutembea Hadi Kukimbia Kilomita 5: Ratiba ya Wiki 12 kwa Kundi la Asubuhi, Oysterbay

Ratiba hii ni ya mtu anayeweza kutembea nusu saa bila kusimama lakini hajakimbia tangu alipomaliza shule. Tunaanza Jumanne, Juni 2, 2026 na kumaliza Jumamosi, Agosti 22. Mazoezi ni siku tatu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Tunakutana Barabara ya Toure, upande wa Coco Beach, saa 12:15 asubuhi. Miezi hii ndiyo ya baridi Dar, kwa hiyo hata ukichelewa kidogo jua halitakuunguza, ila ukija saa 2 utagombana na magari.

Kabla hujafunga kamba za viatu

Mwenye presha, kisukari, pumu, tatizo la moyo, mjamzito, au mwenye miaka zaidi ya 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, aongee na daktari kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe glukosi au pipi mfukoni kila siku. Ukiwa na homa, usije. Ukiwa kwenye dozi ya malaria, subiri umalize dozi na nguvu zirudi.

Viatu: raba za kukimbilia, si za kuvalia jinzi. Za mitumba zinafaa ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi pembeni, sponji imekufa, hata kama juu kunang'aa. Viweke mezani uvitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, kiache. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubakize nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote.

Mwendo

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kukimbia kwenye ratiba hii maana yake ni mchakamchaka, ule wa shuleni wa kukimbia huku mnaimba. Kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi, umezidisha. Punguza, hata kama anayetembea kwa haraka anakaribia kukupita. Hatua ziwe fupi na nyepesi, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake, mabega yashuke, ngumi zilegee.

Kutembea nako ni kwa haraka, siyo matembezi ya jioni. Tumekadiria mita 100 kwa dakika unapotembea na mita 125 kwa dakika unapokimbia, yaani kilomita moja kwa dakika 8. Umbali ulioandikwa chini unatokana na makadirio hayo. Wako ukipungua, usiongeze kasi ili kuufikia: fuata dakika.

Kila siku anza kwa kutembea dakika 5 za kupasha mwili na malizia kwa dakika 5 za kupooza. Umbali wa dakika hizo 10, kama kilomita 1, tayari umo kwenye hesabu. Kunyoosha misuli kwa kuvuta na kushikilia kufanyike mwishoni, mwili ukiwa wa moto.

Wiki ya 1 (Juni 2, 4, 6)
Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 7. Umbali ni km 3.3 kwa siku, jumla ya wiki karibu km 10. Dakika za kukimbia kwa wiki ni 21 tu. Utamaliza ukiona kazi ilikuwa ndogo, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Usiongeze.

Wiki ya 2 (Juni 9, 11, 13)
Kimbia dakika 1 na nusu, tembea 2. Jumanne na Alhamisi mara 6 (km 3.3), Jumamosi mara 7 (km 3.7). Wiki: km 10.3, dakika 28 na nusu za kukimbia.

Wiki ya 3 (Juni 16, 18, 20)
Kimbia 2, tembea 2, mara 6, siku zote tatu. Kila siku km 3.7, wiki km 11.1, dakika 36.

Wiki hii ndiyo muundi huanza kuuma, hasa upande wa ndani wa mfupa. Pumzi huzoea mazoezi mapema, mifupa na kano huchukua wiki nyingi zaidi. Mtu anajisikia ana pumzi, anaongeza kasi, na mguu unalipa deni. Bonyeza muundi kwa kidole. Maumivu yakienea sehemu ndefu na kupungua ukishapata moto, rudi kwenye ratiba ya wiki ya 2 na upitishe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15 baada ya zoezi. Yakiwa kwenye nukta moja unayoweza kuifunika kwa kidole, au yakikuuma hata ukilala, simamisha kukimbia kabisa na uende hospitali, kwani huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Wiki ya 4 (Juni 23, 25, 27): wiki ya kupumua
Kimbia 3, tembea 2, mara 4. Km 3.3 kwa siku, wiki km 9.9. Dakika za kukimbia zinabaki 36, ila vipande ni virefu zaidi na umbali wote umepungua. Usiiruke kwa kuwa unajisikia vizuri. Mwili hujijenga wakati wa kupunguza.

Wiki ya 5 (Juni 30, Julai 2, 4)
Kimbia 3, tembea 1 na nusu. Jumanne na Alhamisi mara 5 (km 3.6), Jumamosi mara 6 (km 4.2). Wiki: km 11.4, dakika 48.

Wiki ya 6 (Julai 7, 9, 11)
Kimbia 5, tembea 2. Jumanne mara 3 (km 3.5), Alhamisi na Jumamosi mara 4 (km 4.3 kila siku). Wiki: km 12.1, dakika 55. Jumanne ni Saba Saba. Tunakimbia kama kawaida, tunaanza saa 1.

Kuanzia dakika 5 ndipo kichomi cha ubavuni kinapowashika watu. Mara nyingi ni chakula kilicholiwa au kinywaji kilichonywewa muda mfupi kabla, au pumzi za juu juu. Tembea, pumua ndani hadi tumbo litoke, toa pole pole huku umebonyeza panapouma. Kikiisha, endelea palepale ulipofika. Ndizi moja au kikombe kidogo cha uji, nusu saa hadi saa moja kabla, kinatosha. Supu na chapati ni za baada ya zoezi.

Wiki ya 7 (Julai 14, 16, 18)
Kimbia 7, tembea 2, mara 3. Km 4.2 kwa siku, wiki km 12.7, dakika 63.

Wiki ya 8 (Julai 21, 23, 25): wiki ya kupumua
Kimbia 8, tembea 2, mara 2. Km 3.4 kwa siku, wiki km 10.2, dakika 48. Kagua viatu wiki hii, na miguu pia. Malengelenge yaliyo madogo yafunike kwa plasta bila kuyatoboa. Panapochubuka, yaani mapajani, kwapani, chuchu na chini ya sidiria, paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka nyumbani. Soksi za pamba zikilowa jasho hushika maji na kukwaruza. Nyembamba za nailoni au poliesta ni bora.

Wiki ya 9 (Julai 28, 30, Agosti 1)
Siku hazifanani tena.
Jumanne: kimbia 10, tembea 2, mara 2 (km 3.9).
Alhamisi: kimbia 8, tembea 2, mara 3 (km 4.6).
Jumamosi: kimbia 12, tembea 2, kimbia 12 (km 4.2).
Wiki: km 12.7, dakika 68.

Wiki ya 10 (Agosti 4, 6, 8)
Jumanne: kimbia 15, tembea 2, kimbia 10 (km 4.3).
Alhamisi: kimbia 10, tembea 2, mara 2 (km 3.9).
Jumamosi, Nane Nane: kimbia 20 mfululizo, tembea 3, kimbia 5 (km 4.4).
Wiki: km 12.6, dakika 70.

Dakika 20 za mfululizo zinatisha kichwani kuliko miguuni. Dakika 5 za kwanza ziwe za pole kupita kiasi. Anayeanza kwa kasi ya rafiki yake huwa anatembea dakika ya 11.

Wiki ya 11 (Agosti 11, 13, 15)
Jumanne: kimbia 25 mfululizo (km 4.1).
Alhamisi: kimbia 12, tembea 1, mara 2 (km 4.2).
Jumamosi: kimbia kilomita 4 bila kusimama, takriban dakika 32 (km 5 pamoja na kutembea).
Wiki: km 13.3, dakika 81. Hii ndiyo wiki nzito kuliko zote. Lala mapema.

Wiki ya 12 (Agosti 18, 20, 22)
Jumanne: kimbia 20 mfululizo (km 3.5).
Alhamisi: kimbia 10 tu, kwa pole sana (km 2.3).
Jumamosi: kilomita 5. Tunakwenda kilomita 2.5, tunageuka, tunarudi. Kwa mwendo wetu ni dakika 40, na pamoja na kutembea mwanzo na mwisho ni km 6. Ukiishiwa baada ya kilomita ya 3, tembea dakika 1 kisha endelea, bado umemaliza.

Ukikosa siku

Siku moja: iache ipite, usiifidie kwa kukimbia siku mbili mfululizo. Wiki nzima: rudia wiki ya mwisho uliyoikamilisha. Wiki mbili au zaidi: rudi nyuma wiki mbili. Kurudia wiki si aibu, na atakayemaliza Septemba badala ya Agosti atakuwa na miguu ileile. Kipimo cha kupanda wiki inayofuata ni hiki: Jumamosi umemaliza vipande vyote ukiweza kuongea, na Jumapili asubuhi unashuka ngazi bila kushika ukuta.

Barabarani

Kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, vaa rangi inayoonekana, na usizibe masikio yote mawili kwa spika za simu. Pembeni ya lami huwa pameinama kuelekea mtaro. Ukikimbia hapo kila siku, mguu mmoja unafanya kazi kama mfupi na nyonga au goti litalalamika, kwa hiyo tumia njia ya waenda kwa miguu panapowezekana. Mchanga wa ufukweni tunauacha hadi baada ya wiki ya 12: ule laini unavuta vigimbi na kano ya kisigino, ule mgumu wa karibu na maji una mteremko.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda kasi na kukataa kutulia ukishasimama: acha papo hapo, mwambie msimamizi aliye karibu, usirudi nyumbani peke yako. Kisigino kikikuchoma hatua za kwanza asubuhi, viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda dakika 5 na uache kutembea pekupeku kwenye sakafu ngumu. Goti likivimba, pumzika hadi uvimbe uishe.

Jumanne, Agosti 25 ni mapumziko. Alhamisi, Agosti 27 tunarudi kwa dakika 20 za mchakamchaka, na anayetaka kuendelea kuelekea kilomita 10 aje na daftari lake la dakika alizokimbia.