Barua ya kuomba kurekebishwa kwa makato yasiyo halali kwenye akaunti ya akiba

Mwanajuma Athman,
Faza, Kisiwa cha Pate,
Lamu 80500.

11 Novemba 2025

Meneja wa Tawi,
Tawi la Lamu.
(Kwa mkono, nakala mbili)

Bwana Meneja,

KUH: MAKATO YA SH 1,495 KWENYE AKAUNTI YA AKIBA INAYOISHIA 4417

Naomba akaunti yangu irudishwe kwenye daraja la akiba, na nirudishiwe jumla ya shilingi 1,495 zilizokatwa kati ya tarehe 31 Julai na 3 Novemba 2025. Nambari kamili ya akaunti iko kwenye nakala ya fomu ya kufungulia akaunti iliyoambatishwa. Sikuiandika hapa kwa sababu barua hupita mikono mingi.

Akaunti hii niliifungua katika tawi lenu mwaka 2017 kuwa akaunti ya akiba isiyo na riba. Fomu yenu yenyewe inasema hivyo, na masharti nyuma yake hayataji ada yoyote ya mwezi. Hadi mwisho wa Juni 2025 haikukatwa hata shilingi ya kuiendesha. Kuanzia Julai taarifa ya akaunti inaonyesha haya:

31 Julai: LEDGER FEE 200.00, EXCISE DUTY 30.00
31 Agosti: LEDGER FEE 200.00, EXCISE DUTY 30.00
30 Septemba: LEDGER FEE 200.00, EXCISE DUTY 30.00
31 Oktoba: LEDGER FEE 200.00, EXCISE DUTY 30.00

Hizo ni shilingi 230 mara nne, yaani 920. Tarehe 31 Agosti ilikuwa Jumapili na tawi lilikuwa limefungwa, kwa hiyo si mtu wa kaunta aliyekosea. Ni mtambo unaokata wenyewe kila mwisho wa mwezi, na utaendelea kukata mpaka uzuiwe.

Chanzo nadhani nimekiona, nanyi mwaweza kukithibitisha kwa dakika chache. Tazameni mstari wa juu wa taarifa mbili nilizoambatisha. Ya Juni imeandikwa SAVINGS A/C - NON INTEREST. Ya Julai, kwa nambari ile ile na jina lile lile, imeandikwa CURRENT A/C - PERSONAL. Mimi sikuomba kubadilishiwa aina ya akaunti, sikutia saini fomu yoyote, na sikupata barua wala ujumbe wa simu kuhusu badiliko hilo. Akaunti ya hundi ndiyo hutozwa ada ya leja. Yangu imeingizwa katika kundi lisilo lake, na ada ikafuata.

Kifungu cha 16A cha Sheria ya Benki, Sura ya 488, kinakataza taasisi kutoza ada ya namna yoyote kwenye akaunti ya akiba. Sitaji sheria kwa kutaka ugomvi. Naitaja kwa sababu nilipofika kaunta tarehe 4 Novemba niliambiwa kuwa "ada ni ya wote sasa". Kwa akaunti ya akiba jibu hilo si sahihi, na naomba wahudumu waelezwe, maana wapo wateja wengine wa visiwani ambao hawasomi taarifa zao.

Kosa hili limezaa jingine. Nina amri ya malipo ya kudumu: kila tarehe 3 ya mwezi benki hulipa shilingi 5,000 za ada ya shule. Akaunti yatakiwa kubaki na salio la chini la shilingi 1,000, basi ili malipo yapite lazima pawe na 6,000. Tarehe 31 Oktoba salio lilikuwa 5,540.00, ikatoka 200.00, likabaki 5,340.00, ikatoka 30.00, likabaki 5,310.00. Tarehe 3 Novemba malipo yakakataliwa, kisha nikatozwa faini ya shilingi 500 pamoja na ushuru wa shilingi 75. Salio sasa ni 4,735.00. Lau makato ya miezi minne hayakuwapo, siku hiyo ningekuwa na 6,230.00 na malipo yangepita. Kwa hiyo faini hii haitokani na upungufu wangu, na shilingi 575 hizo ni sehemu ya dai: 920 na 575 ni 1,495.

Utaratibu wa kurekebisha una maana hapa, ndiyo maana naueleza. Kwanza aina ya akaunti isahihishwe, ndipo fedha zirudishwe. Mkirudisha fedha na kuacha akaunti katika kundi la hundi, tarehe 30 Novemba mtambo utakata tena 230, na hiyo pia ni Jumapili. Hakuna atakayekuwepo kuuzuia. Naomba basi marekebisho hayo yafanyike kabla ya Ijumaa tarehe 28 Novemba.

Pili, kila ada irudishwe pamoja na ushuru wake. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 15 ya ada, na ada ikifutwa hakuna cha kutozwa ushuru. Mara nyingi ada hurudi na ushuru ukaachwa kwa hoja kwamba umeshapelekwa Mamlaka ya Mapato. Hesabu hiyo ni ya benki na Mamlaka, mteja hahusiki. Katika dai hili ushuru ni shilingi 195: 120 za ada za leja na 75 za faini.

Tatu, marejesho yaandikwe kama ufutaji wa kila kato, yakitaja mwezi wake, wala yasiingizwe kama fedha taslimu zilizowekwa. Nataka anayesoma taarifa hiyo mwaka ujao aone kato na marejesho yake bila kuuliza. Naomba pia rekodi ya malipo yaliyokataliwa iondolewe, na mnipe barua fupi ya kuthibitisha kuwa kosa lilikuwa la benki, nikaipeleke shuleni.

Niliombwa kaunta nifunge akaunti hii na kufungua nyingine. Sikubali. Nambari hii ndiyo iliyo kwenye amri ya malipo na kwenye rekodi za shule, na kuifunga kungepoteza ushahidi wa makato kabla hayajasahihishwa.

Riba sidai, wala fidia. Nadai fedha zilizotoka bila haki.

Mkihitaji maelezo zaidi, nipigieni kwa nambari ya simu iliyo katika rekodi zenu. Tafadhali msiniite ofisini kwa jambo linaloweza kumalizwa kwa simu: boti ya kutoka Faza hufuata maji ya Mkanda, na safari ya kuja Amu na kurudi yaweza kula siku nzima na nauli inayozidi ada ya mwezi mnayoikata. Saini yangu mnayo kwenye kadi ya saini, na barua hii naileta mwenyewe na kitambulisho mkononi.

Naomba nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na iandikwe nambari ya lalamiko. Ikiwa sitapata jibu la maandishi kufikia tarehe 28 Novemba, nitapeleka nakala hiyo na viambatisho vyake kwa Benki Kuu ya Kenya, idara ya usimamizi wa mabenki.

Nimeambatisha nakala ya fomu ya kufungulia akaunti ya 2017, taarifa za akaunti kuanzia Juni hadi 4 Novemba 2025 makato yakiwa yamepigiwa mstari, ujumbe wa simu wa tarehe 3 Novemba wa kukataliwa kwa malipo, na nakala ya kitambulisho.

Wako mwaminifu,

Mwanajuma Athman
Mwenye akaunti