Shangazi, tafsiri ya ile meseji ya ushindi na kasoro zake

Asalaam aleikum shangazi. Mdogo wangu aliye hapo Oli amenitumia picha ya meseji ya Kiingereza uliyoipata asubuhi. Namwomba akusomee haya polepole, hata mara mbili. Neno la kwanza ndilo kubwa: usitume hata shilingi moja, usiwapigie, na usibonyeze ule msimbo. Ni matapeli. Hakuna zawadi.

Meseji yenyewe, kwa Kiswahili, inasema hivi kuanzia mwanzo hadi mwisho:

"HONGERA!! Mteja mpendwa wa MTN. Namba yako imechaguliwa na kompyuta na imeshinda shilingi 8,500,000 pamoja na pikipiki mpya katika bahati nasibu ya taifa ya MTN. Namba yako ya ushindi ni UG/0419/W. Zawadi imeidhinishwa na Benki Kuu ya Uganda. Ili kuipokea, mpigie Meneja wa Zawadi sasa hivi kwa namba hii hii, au bonyeza msimbo wa kuwasha zawadi ulio hapa chini, kisha weka PIN yako. Ada ya fomu na kibali ni 150,000 tu, nayo utarudishiwa pamoja na zawadi. Tuma pia jina lako kamili, NIN, tarehe ya kuzaliwa na salio lililomo kwenye simu. Kwa usalama wako, usimwambie mtu yeyote, hata wakala wa MoMo. Mwisho ni leo saa kumi jioni. Ukichelewa, zawadi atapewa mtu mwingine."

Sasa tuichambue. Anza na namba iliyotuma, ile inayoonekana juu kabisa ya picha. Inaanza na 075. Laini nyingi za MTN hapa Uganda huanza na 077, 078, 076 au 039. Zile za 075, pamoja na 070 na 074, ni za Airtel. Kwa hiyo mtu anayejiita meneja wa MTN anakuandikia kwa laini ya kampuni nyingine. Hata kama ingekuwa 077 isingekuwa ushahidi wa lolote, maana mtu yeyote ana 077, wewe mwenyewe unayo.

Halafu ona kwamba jina lako halimo. MTN wanalijua, kwa sababu uliisajili laini kwa kitambulisho cha taifa. Mtu anayekupongeza kwa ushindi wa milioni nane na nusu halafu akakuuliza jina lako kamili, hakujui. Matapeli hawa hutuma meseji moja kwa namba nyingi zinazofuatana na kungoja nani atajibu. Kama jirani yako pale sokoni ameipata pia, mwombe akuonyeshe: usishangae ukikuta hata ile namba ya ushindi ni moja.

Bahati nasibu huchezi bila kujua. Mtu hununua tiketi, au huingia mwenyewe kwenye promosheni. Wewe hukununua chochote. Na michezo hiyo hapa Uganda inasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2016 na Bodi ya Taifa ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, si Benki Kuu. Benki Kuu inazisimamia kampuni za pesa za simu kwa sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2020, lakini haikai kuidhinisha pikipiki ya mteja mmoja wa Arua. Jina lake limetiwa humo ili uogope kuuliza.

Kuhusu ile 150,000. Fikiri kama mfanyabiashara, maana wewe ndiwe mfanyabiashara wa familia. Kama kweli wanazo 8,500,000 zako, kwa nini wasikate ada yao humo humo wakakutumia 8,350,000? Hawawezi, kwa sababu hawana kitu cha kukata. Makato ya kweli hayaombwi kwa meseji. Wewe mwenyewe unaona unapotoa pesa kwa wakala: serikali huchukua nusu asilimia, yaani shilingi 500 katika kila 100,000, na mfumo huzikata wenyewe pamoja na ada ya kutoa. Hakuna anayekupigia akuambie utangulize kodi kwenye namba ya mtu. Na ukishatuma hiyo 150,000, kesho itakuja ada ya bima ya pikipiki, keshokutwa mafuta ya kuisafirisha kutoka Kampala, kisha "ofisa wa kodi" mwenye sauti nzito. Huwa hawaachi mpaka mtu aishiwe au ashtuke.

Ndiyo maana wameuliza salio lako. Hilo ndilo swali baya kuliko yote humo ndani. Wanataka kujua waanzie kukudai kiasi gani. Na simu yako, shangazi, ina pesa za kikundi. Wewe ni mweka hazina, pesa za akina mama wote zinapita kwenye laini hiyo. Wakijua zimo milioni mbili, ada itapanda mara moja.

Sasa tuuangalie ule msimbo, nao naomba mdogo wangu akuonyeshe kwenye picha kwa kidole. Unaanza na *165*. Hiyo ni menyu yako ya MoMo, ile ile unayoifungua kwa *165# kila siku. Baada yake kuna tarakimu mbili, ambazo ni machaguo ya kwenye menyu. Baada ya hizo kuna namba ya simu: linganisha na ile iliyotuma meseji, ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Kisha 150000. Kisha alama ya #. Kwa hiyo hakuna "kuwasha" chochote. Ni amri ya kutuma pesa iliyofupishwa ili usipitie menyu ukaona unachokifanya. Kilichobaki ni PIN tu, na ukiiweka wewe mwenyewe, mfumo utaona kwamba umetuma kwa hiari yako. Shika hili moja hata ukisahau mengine: PIN ya MoMo ni ya kutoa pesa na kuangalia mambo yako. Kupokea pesa hakuhitaji PIN kamwe.

Wana msimbo mwingine wanaopenda kumsomea mtu kwenye simu, unaoanza na **21* ukifuatiwa na namba yao. Huo unahamisha simu zako ziingie kwao, ili hata watu wako au huduma kwa wateja wakikupigia, tapeli ndiye apokee. Ukihisi umeubonyeza, bonyeza ##002# na upige, uhamishaji wote utafutika.

NIN na tarehe ya kuzaliwa usizione ndogo. Ndizo mtu anazotafuta akitaka kujifanya wewe, kwa mfano kuomba laini yako ihamishiwe kwenye kadi nyingine. Akiwa na laini na PIN, hachukui akiba tu, anaweza hata kukopa MoKash kwa jina lako, na deni likabaki kwako.

Na ile ya kukataza usimwambie wakala: wakala ndiye mtu wa karibu ambaye angekuambia "mama, huo ni utapeli", kwa sababu anaziona kila wiki. Kadhalika ile saa kumi jioni. Wamekupa masaa machache ili upate muda wa kutafuta pesa lakini usipate muda wa kuuliza. Umeuliza, na umefanya vizuri sana.

Huenda wakakupigia kabla ya jioni. Wengine huongea Kiswahili kizuri, wengine Lugbara, na nyuma yao utasikia kelele za watu kama ofisini. Usibishane nao wala usiwatukane, kata tu. Wanaweza pia kutuma meseji ya pili inayosema umepokea pesa kwa makosa, uzirudishe. Usiamini meseji, hata ikija na jina badala ya namba, kwa sababu majina nayo hughushiwa. Fungua *165# mwenyewe uangalie salio. Kama salio halijaongezeka, hakuna kilichoingia. Na kama kweli limeongezeka, usirudishe kwa mkono wako: piga 100 wao walishughulikie.

Cha kufanya sasa hivi ni kidogo tu. Usiifute meseji, ni ushahidi. Piga 100 kutoka kwenye laini yako, ni huduma kwa wateja wa MTN, uwasomee namba iliyotuma na uwaulize kama wana zawadi yoyote kwa jina lako. Watakwambia wenyewe. Kisha izuie hiyo namba. Mdogo wangu anajua pa kubonyeza.

Kuna jambo naomba unijibu kweli, bila haya, wala sitamwambia mtu: je, kabla ya kunitafuta, ulikuwa umeshawapigia au umewapa chochote? Kama uliwapa PIN, fungua *165# uibadilishe sasa hivi, kabla hata ya kumaliza kusikiliza haya, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Kama ulituma pesa, piga 100 papo hapo uombe muamala uzuiwe, ukiwa na namba ya muamala iliyomo kwenye meseji ya MoMo. Dakika zina thamani hapo: pesa ikiwa bado imo kwenye laini ya mpokeaji inaweza kushikiliwa, ikishatolewa taslimu ni vigumu mno. Kisha uende ofisi ya MTN hapo Arua na kitambulisho, na kituo cha polisi uandikishe. Kama ulitoa NIN tu, angalia mtandao wa simu yako wiki hii. Mtandao ukipotea ghafla wakati jirani wa MTN anao, nenda ofisini siku hiyo hiyo. Na akijitokeza mtu kusema atakurudishia pesa kwa malipo kidogo, huyo ni wa genge lile lile.

Jumapili kikundi kikikutana, onyesha hiyo picha kwa wote na uwasomee tafsiri. Mama Khadija na wenzake wasiosoma Kiingereza watapata hiyo hiyo au inayofanana nayo. Nimeandika tafsiri peke yake kwenye meseji inayofuata ili mdogo wangu aweze kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp, bila ule msimbo, mtu asije akaubonyeza kwa bahati mbaya.

Nitakupigia baada ya magharibi unipe jibu la 100.

Mwanao wa Bombo