Invoisi za masapulaya: vile zitapita kuanzia Jumatatu

Habari zenu watu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru.

Tukiwa na duka moja hapa Kibuye mtu mmoja angeagiza simiti, aipokee, aandike na cheki, na bado mambo yalienda sawa juu mdosi mwenyewe alikuwa anaona kila lori likishusha. Sasa tuko na matawi matatu. Machi tulilipa mabati yale yale mara mbili, 86,400, kwanza kwa picha ya WhatsApp halafu karatasi yenyewe ikafika baada ya wiki mbili, moja imeingizwa 0417 nyingine 417, mfumo ukadhani ni invoisi mbili. Hakuna mtu aliiba. Ni vile aliyeingiza ndiye alilipa.

Basi kila invoisi inakuja kwa karani wa akaunti Kisumu, si kwa simu ya meneja. Anaiweka kando ya LPO na delivari iliyosainiwa na storu, anahesabu, mifuko 200 iwe 200 kwa zote tatu. Namba inaingizwa vile imeandikwa, hata sifuri. Kama si ya eTIMS au haina PIN yetu inarudishwa siku hiyo hiyo, tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama kama hiyo kwa hesabu ya kodi, na hiyo hasara inakuwa yetu si ya sapulaya.

Kusaini: mpaka 20,000 ni meneja wa tawi. Ikipita hapo mpaka 150,000 ni mimi. Mpaka milioni moja ni mimi pamoja na meneja wa oparesheni, na zaidi ya hapo wakurugenzi wawili. Hesabu ni pamoja na VAT. Na tafadhali msikate invoisi vipande, mzigo wa 58,500 ukiletwa kwangu kama 19,500 mara tatu nitajumlisha zote za huyo sapulaya za wiki hiyo na itapanda tu.

Aliyeagiza hapokei mzigo. Aliyepokea haingizi invoisi. Mimi nikisaini sigusi malipo, keshia ataingiza kwa benki na mkurugenzi ataachilia kwa tokeni yake. Kakamega mko watu watatu tu, najua, kwa hivyo nyinyi mtaagiza na kupokea, lakini wawili tofauti, mengine yote yafanyike Kisumu.

Sapulaya akituma barua ati amebadilisha akaunti ya benki, msibadilishe kitu. Karani anampigia kwa namba ya zamani ile tuko nayo kwa faili, hapana ile iko kwa hiyo barua, halafu mimi nasaini mabadiliko. Hapa ndio naogopa zaidi kuliko pahali pengine pote, pesa ikishaenda kwa akaunti ya mwizi hairudi.

Mtu akienda likizo invoisi inapanda kwa mkubwa wake, haishuki, na paswadi haiazimwi hata siku moja.

Malipo ni Jumanne na Ijumaa. Zile invoisi mko nazo kwa droo zifike kwa karani kabla ya Jumamosi saa sita mchana, hata zile za zamani.