Aliowaunganisha Mungu
(Mathayo 19:3–9)

Bwana asifiwe, wapendwa. Nimesoma maneno haya nikijua kwamba humu ndani wapo walioachwa, wapo walioacha, na wapo walio katika ndoa ya pili. Sitaliruka andiko hili kwa ajili yenu. Wala sitawachapa nalo.

Tulitazame swali lenyewe. Mafarisayo hawakuja kwa Yesu wakililia ndoa zao. Waliuliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe "kwa kila sababu". Walimu wa sheria walikuwa wakibishana juu ya Kumbukumbu la Torati 24: wafuasi wa Shamai walibana, wafuasi wa Hileli wakalegeza hata mke aliyeunguza chakula akaweza kuachwa. Hebu mfikirie mama huyo. Sufuria bado ina moshi, yeye ana hati ya talaka mkononi na hajui alale wapi. Yesu anaposema, "aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe," anamkingia kifua yeye.

Kwa hiyo neno ni zito. Anayemwacha mkewe na kuoa mwingine azini, isipokuwa kwa sababu ya uasherati. Kama leo unatafuta sababu ya kuachana na mwenzako kwa kuwa moyo umehamia kwingine, ndugu yangu, nakusihi, rudi nyumbani.

Lakini Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7:15, anasema asiyeamini akiondoka, aliyebaki "hafungiki". Nami naamini, ingawa wapo watumishi wasiokubaliana nami, kwamba mtu anayempiga mwenzake amekwisha kuiacha ndoa hata kama bado analala humo. Dada, ukikimbia kuokoa maisha yako hujatenda dhambi. Na mtu asikurudishe huko kwa kukusomea Malaki, kwamba Mungu anachukia kuachana.

Na ninyi mliooana baada ya talaka? Kama palikuwa na kosa, litubuni kwa jina lake, msilipambe. Ila msivunje nyumba ya pili mkidhani ndiyo toba. Kumbukumbu la Torati 24 ile ile, mstari wa 4, inamkataza mume wa kwanza kumrudia mke aliyekwisha kuolewa na mwingine. Tunzeni agano mlilo nalo sasa.

Kuna dada mmoja kati yetu, ameniruhusu niseme. Tangu aachwe, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza anatoka, asije akaulizwa, "Baba watoto yuko wapi?" Miaka 3 hajawahi kuisikia neema ikitolewa. Sisi ndio tuliomfukuza, na mimi mchungaji wenu nikiwemo, kwa maana nilimwona akitoka nikanyamaza. Dada, nisamehe.

Leo meza ya Bwana imeandaliwa. Wazee, tuanzie kule nyuma, kwenye benchi la mlangoni.